Mrejesho: rejista ya mgao wa chakula, Witu

Niliuliza: "Tunagawa unga na mafuta Witu. Tutazuiaje kaya moja isipokee mara mbili, na mkaguzi akija tumwonyeshe nini?"

Ahsanteni. Tumeacha kutafuta kwa jina, maana Mohamed na Muhammad huweza kuwa mtu mmoja. Safu D ni namba ya kitambulisho ya mkuu wa kaya, E ya mwenzi wake, na F ina fomula hii:

```
=COUNTIF($D$2:$E$900,D2)
```

Mume akimwandikisha mkewe kama mwenzi, kisha mke ajiandikishe kwingine kama mkuu wa kaya, mstari wa mke unatoa 2. Usiufute, bali uusimamishe kwanza. Mume wa wake wawili aliyeandikwa mkuu wa nyumba zote mbili naye hutoa 2 bila udanganyifu wowote. Hapo kamati ya kijiji inaamua, na sababu inaandikwa. Tarakimu moja ikikosewa fomula hainasi kitu, basi namba isomwe kwenye kadi yenyewe, si kwa mdomo.

Siku ya mgao kila mtu anatia saini au dole gumba. Nafasi ya asiyefika inapigwa mstari kwa wino kabla ya kufunga, isije ikajazwa baadaye. Mkaguzi anahesabu saini, analinganisha na mifuko iliyotoka ghalani ukiondoa iliyorudi.