Mtaalamu wa namba kanivunjia heshima mbele ya mashemeji kwa risiti ya sukari!!

Mzaliwa_Mkomani: Nimetoka barazani sasa hivi mikono yanitetema. Huyu bwana wa namba mnamjua nyote, sina haja ya kumtaja, Lamu nzima hakuna ambaye hajasomewa saa ya simu yake, nadhani hata punda wa Langoni washasomewa. Nimepita dukani kuchukua sukari, mafuta na majani ya chai, jumla ikaja 444. Nimekaa na mashemeji zangu wawili twanywa kahawa, jamaa akaninyakua risiti mkononi akakunja uso, akasema kwa sauti ya adhana: "Nne na nne na nne ni kumi na mbili, moja na mbili ni tatu, nyumbani mwako kuna mtu wa tatu." Mbele ya MASHEMEJI. Kaka zake mke wangu, baba mmoja mama mmoja! Yule mkubwa akaweka kikombe chini hakukimaliza. Na wiki jana nahodha mmoja alipata 444 hiyohiyo kwenye risiti ya mafuta ya boti, akaambiwa malaika wamemzunguka, akatoa changu wawili kwa furaha. Mimi mtu wa tatu!! Kwa sukari!!

Chumvi_ya_Shela: Pole kaka. Lakini huyo wa tatu ni nani 😂😂

Mzaliwa_Mkomani: Usianze. Shemeji kaweka kikombe chini wewe wacheka.

Mjukuu_wa_Falaki: Ndugu yangu, hebu tuulizane. Ulilipa ngapi, ukarudishiwa ngapi?

Mzaliwa_Mkomani: Nilitoa elfu, chenji yaandikwa 556.

Mjukuu_wa_Falaki: Mbona hakuisoma 556? Risiti hiyohiyo ina saa, tarehe, namba ya risiti na bei ya kila kitu, namba kumi na zaidi, akachagua ile inayopendeza macho. Halafu 444 ina milango mingi. Wa namba za malaika, wanaoamini namba inayojirudia ni ujumbe, wasema ni ulinzi. Wachina hawaipendi nne kwa kuwa kwao yatamkwa karibu na kifo. Ukijumlisha wapata tatu. Nahodha kafunguliwa mlango wa kwanza, wewe kakupitisha wa jumla. Mtu akiona uso wako kwanza ndipo achague mlango, basi amekusoma wewe, hakusoma namba. Mwambie aandike kwenye karatasi kabla ya kuja kwenu, 444 ni nini, isibadilike kwa yeyote. Hatakubali.

Na asijifichie falaki. Babu yangu alihesabu kwa abjadi, kila herufi na namba yake, jina lako na la mama yako, akagawa kwa 12, kilichobaki ndiyo nyota yako. Kuiamini au kutoiamini ni shauri lako, ila kanuni ilikuwa moja kwa kila mtu, na risiti haikuwemo. Hizi za malaika zimeenezwa sana na mwanamke wa Marekani, Doreen Virtue, na mwenyewe alizikana baada ya kuingia Ukristo 2017.

Bi_Langoni: Mie naamka 3:33 kila usiku mwezi wa pili huu. Kila usiku! Hiyo nayo ni risiti?

Kijana_Malindi: Ni akili tu bi, ukinunua baiskeli nyekundu waziona nyekundu mji mzima. Lakini 11:11 yatokea mara mbili tu kwa siku, kuikuta si bahati mbaya, hapo pana kitu.

Mjukuu_wa_Falaki: La baiskeli ni kweli, la 11:11 hapana, kwa sababu hutafuti 11:11 peke yake. Kuna 1:11, 2:22, 3:33, 4:44, 5:55, kila moja mara mbili kwa siku, pamoja na hiyo 11:11 ni dakika 12 katika 1440. Ukitazama simu mara sitini kwa siku utakutana na moja kila baada ya siku mbili hivi, na hapo 10:10 na 12:34 bado sijazitia. Weka simu yako saa ya 24 uone, 5:55 ya jioni itageuka 17:55, malaika kahama. Na sisi 11:11 ya asubuhi twaiita saa tano na dakika kumi na moja. Ujumbe uko kwenye saa ya nani?

Bi, weka daftari kitandani uandike kila unapoamka, 3:19, 3:41, zote. Ukiona ni 3:33 kweli siku zote njoo utuambie, mie sitacheka.

Bi_Langoni: Naandika kuanzia leo. Ila mie najua niliyoyaona.

Chumvi_ya_Shela: Ngoja, chenji 556, ile 6 ulipewa kweli? Duka lile mie napewa peremende!

Mzaliwa_Mkomani: Nimepewa 550 na peremende mbili. Lakini jamani shemeji hakumaliza kahawa.

Kijana_Malindi: Huku Malindi twapewa kiberiti. Nina viberiti kumi na nne na jiko langu ni la gesi.

Chumvi_ya_Shela: Kiberiti afadhali! Juzi nimempelekea peremende zake tano nikitaka kununua limau, kakataa, asema hizo si pesa. Sasa mbona alinipa kama pesa?? Nafungua uzi wake.