Familia ya Bibi (Tanga na Dar)

Da Zainabu: Asalaam aleikum wote. Narudia tena maana jana niliandika mkapita kimya kimya. Mdogo wangu Mama Swaumu mikono inamfa ganzi usiku, mwezi wa tatu sasa halali. Kapigwa eksirei ya shingo wakamwambia pingili zimesagika mshipa umebanwa, sasa anatakiwa MRI ya shingo, laki nne. Kila mmoja elfu thelathini mpaka Ijumaa, tumeni kwenye namba yangu ileile

Da Zainabu: Naona tiki za bluu kumi na moja. Hata pole hamna?

Juma: Pole sana mama mdogo 🙏 hiyo mikono imechoka kutulisha sisi wala chapati

Hamisi: Pole yake. Ni shingo hiyo, mishipa yote ya mkono inatokea shingoni. Boda wangu alikuwa hivyohivyo akachomwa sindano za vitamini B akapona

Mjomba Shabani: Mimi mwenyewe ganzi inanisumbua mwaka wa pili huu, nyayo zote mbili, nikikanyaga sakafu kama nimekanyaga pamba. Mbona mimi sikuchangiwa

Da Zainabu: Shabani wewe una sukari na dawa humezi, tusichanganye mambo. Tunaongelea mikono

Rehema: Shikamoo mama mkubwa, shikamoo mjomba. Ndio natoka zamu. Kabla hatujachanga naomba kuuliza maana kazini kwangu hawa tunawaona kila wiki. Mama mdogo ganzi iko vidole gani hasa? Na ikimwamsha usiku anafanyaje ili itulie?

Da Zainabu: Mkono mzima Rehema. Mkono mzima

Rehema: Wengi husema mkono mzima mpaka uwaulize kidole kimoja kimoja. Swaumu upo hapo na mama?

Swaumu: Nipo, anakanda unga wa kesho. Anasema dole gumba, cha shahada, cha kati, vinachoma kama sindano, wa kulia zaidi. Kidole cha mwisho kabisa kizima hakina kitu. Inamwamsha saa nane saa tisa hivi, anakaa kitandani anakung'uta mkono kama anakung'uta maji, inatulia, akilala tena inarudi

Rehema: Na kidole cha pete? Mwambie afumbe macho, wewe chukua kipande cha pamba umpapase pande zote mbili za hicho kidole, upande wa kidole cha kati halafu upande wa kidole cha mwisho. Asikuone

Juma: Akifumba macho chapati zitaungua 😂

Da Zainabu: Juma toka

Swaumu: Eti jamani! Upande wa kidole cha kati anasikia kwa mbali sana kama amevaa glovu. Upande wa pili anasikia vizuri. Kidole kimoja kimegawanyika katikati!!

Rehema: Hapo ndipo nilipokuwa napataka. Kuna neva moja inapita kwenye kifundo cha mkono, ndani ya kinjia chembamba, chini mifupa juu ukanda mgumu, na humo humo zimebanana kano tisa za kukunjia vidole. Neva hiyo ndio inahudumia dole gumba, shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Nusu iliyobaki na kidole cha mwisho vinahudumiwa na neva nyingine ambayo haipiti humo. Shingoni mgawanyo hauko hivyo, neva ikibanwa kule kawaida haikati kidole cha pete katikati namna hii. Kwa hiyo mimi nina wasiwasi na kifundo cha mkono, wenyewe wanaita kapal tanel

Hamisi: Sasa ile eksirei imedanganya? Picha imeonyesha pingili zimesagika, imeandikwa

Rehema: Haijadanganya kaka. Pingili zimechakaa kweli, ila mama mdogo ana 54, ukichukua watu wa umri wake wasioumwa chochote ukawapiga hiyo picha wengi utakuta hivyohivyo. Na eksirei inaonyesha mfupa, neva haionekani pale. Aliyesoma picha aliona uchakavu, akaambiwa kuna ganzi, akaunganisha. Mkono wenyewe sijui kama uliguswa

Swaumu: Haukuguswa. Dakika tano tukatoka na karatasi

Hamisi: Lakini neva ya shingo inaleta ganzi hadi dole gumba, hilo nalijua

Rehema: Kweli kabisa, ndio maana zinachanganya, zipo za shingoni zinazoshuka mpaka dole gumba na shahada, na nyingine kidole cha kati. Ila za shingoni huwa zinakuja na maumivu yanayotoka shingoni au kwenye bega yanateremka na mkono, ukigeuza shingo upande ule na kuangalia juu yanachoma kama umeme, na kukung'uta mkono hakusaidii kitu. Wengine wanapata nafuu wakiweka mkono kichwani. Swaumu muulize

Da Zainabu: Hela zimefika za watu wawili tu. Nasema tena Ijumaa

Mjomba Shabani: Zainabu kwanza tupe hesabu ya mabati. Toka 2021 tunaambiwa karatasi zipo zipo. Tusije tukachangia MRI ikawa mabati mengine

Da Zainabu: Shabani sio leo

Mjomba Shabani: Lini sasa? Mimi nilitoa laki mbili na nusu, nyumba ya mama mvua ikinyesha bado sufuria ziko sebuleni

Juma: Jamani anko 🙈

Swaumu: Samahani wakubwa. Da Rehema mama anasema shingo inamuuma pia, akishinda ameinama jikoni, ila ni ya hapa nyuma tu haiteremki. Kageuza pande zote kaangalia juu, mkono hakuna kitu. Kuweka mkono kichwani ndio kwanza ganzi inaongezeka

Rehema: Haya. Kingine kimoja. Agusanishe migongo ya mikono, viganja viangalie nje, vidole vielekee chini, viwiko vimeinuka, kifundo kikunjike kabisa. Akae hivyo dakika moja, shika saa. Asivumilie kishujaa, ikianza aseme

Swaumu: Sekunde ishirini na kitu kaachia, anasema ndio ileile ya usiku imekuja

Rehema: Ndio maana usiku inamwamsha, tukilala tunakunja vifundo hatujui, kile kinjia kinabana. Na mchana anakanda kilo nyingi. Ila naomba picha, mikono yote miwili juu ya meza viganja juu, taa ya kutosha, nataka kuona ile nyama chini ya dole gumba

Swaumu: 📷 Picha

Rehema: Mmeona? Kushoto pamejaa pameinuka vizuri. Kulia pamebonyea, kama pameliwa na kijiko. Anaangusha vitu?

Swaumu: Vikombe viwili wiki iliyopita. Na vifungo vya shati la mdogo wangu asubuhi nafunga mimi

Rehema: Sawa. Hili ndilo limenifanya niache kula. Ganzi ya kuja na kuondoka usiku tunampa mtu kifunga mkono chenye bapa gumu ndani, kinachoshika kifundo kikiwa kimenyooka, avae kila akilala kwa wiki sita hivi, wengi wanapata nafuu. Lakini nyama ikishaanza kupungua neva inakufa taratibu, hapo hatukai tukasubiri kifunga mkono peke yake. Anatakiwa daktari wa mifupa au wa neva amshike mkono, kile kipimo cha umeme wa neva kifanyike, na uwezekano wa upasuaji upo, wanakata ule ukanda kupanua njia, wanachoma ganzi mkononi tu na mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nguvu ikishapotea sana hata wakikata hairudi yote

Hamisi: Kwa hiyo MRI tunaifuta

Rehema: Sijasema tufute kaka, sijamshika mimi, nipo Dar yeye Tanga. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Daktari atapima nguvu ya kunyoosha kiwiko na agonge kano kwa nyundo, kiwiko kikiwa legelege basi shingo nayo ipo. Na mama mdogo akianza kuyumba akitembea, miguu mizito, au mkojo hausubiri, hapo ni shingo na asisubiri hata siku moja. Ila kwa tulichoona leo, hela ya kwanza iende kwenye mkono

Da Zainabu: Mimi karatasi niliyopewa imeandikwa MRI

Mjomba Shabani: Umeona sasa. Unakusanya hela hata ugonjwa hujaujua

Da Zainabu: Shabani usinijaribu. Nani alimpeleka hospitali? Wewe?

Hamisi: Na sindano za vitamini B je

Rehema: Kama damu inaonyesha imepungua sawa. Hiyo mara nyingi huanzia miguuni lakini. Akapime sukari na homoni za tezi ya shingo, vyote viwili vinaleta hali hii ya mikono, na Swaumu uliniambia amenenepa na anasikia baridi kila saa

Swaumu: 🎤 Sauti 0:48

Swaumu: Hiyo ni sauti ya Bibi kwa msiofungua. Amesikia yote nilikuwa nasoma kwa sauti. Anasema: "Shabani, mabati niliyauza mimi. Mimi mama yako. Nilikuwa na shida yangu nikamwambia Zainabu anyamaze, akanyamaza. Ukitaka kudai nidai mimi. Mwanangu asipoteze mkono kwa ajili ya mabati. Na kuanzia kesho hakandi mtu unga hapa mpaka aonwe."

Juma: 🙏🏾

Mjomba Shabani: Shikamoo mama. Nimesikia.

Mjomba Shabani: Nimetuma elfu hamsini. Da Zai angalia simu

Da Zainabu: Imefika. Ahsante Shabani.

Da Zainabu: Haya tusonge. Rehema tafuta daktari, kama Bombo hakuna kipimo cha umeme tumlete MOI. Mimi nataka Jumanne. Nani anampokea Dar nani analala nae?

Da Zainabu: Nani??

Rehema: Mimi nampokea ila Jumanne niko zamu ya usiku. Naulizia kesho asubuhi kipimo kinafanyika siku gani. Swaumu leo duka la dawa likiwa wazi nunua kifunga mkono, hakikisha bapa limenyooka, yale mengine yamekunjwa kurudi nyuma, lipinde kwa mkono linyooke. Asifunge kwa kukaza

Mama Swaumu: Nimewasoma wote ahsanteni Mungu awalipe. Jumanne siwezi nina oda ya chapati mia mbili za arobaini ya jirani, nishapokea nusu ya hela na nimeshanunulia unga

Da Zainabu: Rudisha

Mama Swaumu: Da Zai nitarudishaje na unga ushakuwa ndani. Na ada ya Swaumu ndio hiyohiyo

Rehema: Mama mdogo hiyo oda akande mtu mwingine wewe usimamie. Mikono yako isikande, hata mmoja

Mama Swaumu: Nani sasa akande

Hamisi: Juma si ana mikono

Juma: Mimi nakanda sawa, ila nauli ya kuja Tanga nani anatoa

Da Zainabu: Rehema mpigie wewe umwambie, mimi hanisikii

Mama Batuli: Asalaam aleikum, simu ilikuwa chaji. Hivi tunachanga ngapi na ni ya nini?

Da Zainabu: Soma juu Mama Batuli