Naomba ushauri: hereni za binti yangu zinamuwasha, bangili inaacha kijani

Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana bangili ya shaba inayomwachia alama ya kijani mkononi, hasa akitoka jasho au akijipaka mafuta. Hiyo hainisumbui sana: shaba ikikutana na jasho hutoa chumvi za kijani, na akioga kwa sabuni zinatoka. Hawashwi.

Shida ni hereni. Alinunua zilizochovywa dhahabu, na rangi ilipoanza kubanduka kwenye ule mti unaopita tunduni, ndewe zikavimba, zikawasha na kutoa majimaji. Hata kifungo cha jinzi humtoa vipele chini ya kitovu, kwa hiyo nashuku nikeli.

Sonara ananishauri fedha ya 925. Najua asilimia 7.5 iliyobaki kwa kawaida ni shaba, ila kuna wanaochanganya vingine. Muuza duka naye anasifia stenlesi ya 316L, ambayo ina nikeli ndani ingawa haiachii kirahisi. Mimi naegemea titani.

Wenye ngozi kama hii, mnavaa ipi bila kuwashwa? Na mnatambuaje titani halisi dukani? Sumaku hainisaidii, maana hata 316L kwa kawaida hainasi.