Naomba ushauri: kubadilisha pini ya hedifoni yenye maiki

Wakuu habari. Pini ya hedifoni yangu ilivunjika, nikanunua nyingine ya kulehemu yenye sehemu 4. Ndani ya waya kuna nyuzi nne: kijani, nyekundu, bluu na ya shaba. Rangi hutofautiana, kwa hiyo nilipima kwa mita. Kijani na shaba ilisoma omu 32, nyekundu na shaba 32, kijani na nyekundu 64. Hapo nikajua shaba ndiyo erthi ya spika zote mbili. Bluu na shaba zilishuka karibu na sifuri nilipobonyeza kitufe, basi bluu ni maiki.

Nyuzi zimepakwa vanishi, kwa hiyo nilizichoma kwa risasi ya moto hadi ikashika. Kisha nikalehemu hivi: kijani (kushoto) kwenye ncha, nyekundu (kulia) pete ya kwanza, shaba pete ya pili, bluu kwenye shina.

Kwenye simu mpya kila kitu safi, hata maiki. Shida ni simu ya zamani: muziki unasikika kwa mbali, sauti ya mwimbaji inapotea, lakini nikishikilia kitufe inarudi vizuri. Nahisi simu hiyo ni ya mpangilio wa OMTP, ambako maiki na erthi zimebadilishana nafasi, wakati mimi nimefuata CTIA.

Sitaki kugeuza nyuzi nikaharibu upande wa simu mpya. Je, nitengeneze kipande cha kuunganishia kinachobadilisha hizo mbili tu? Na aliyewahi kukitengeneza, je, maiki ilifanya kazi bila mvumo?