Mrejesho: modeli imeiga mtindo wangu, alama ya kigunduzi haijashuka

Swali langu lilikuwa: "Nimeipa modeli insha zangu iige uandishi wangu. Mtindo umebadilika kweli, mbona kigunduzi bado kinasema ni AI?"

Jibu limepatikana, wakuu. Sampuli za insha unazoipa modeli hubadilisha kinachoonekana: urefu wa sentensi, maneno unayoyapenda, namna ya kufungua aya. Kigunduzi hakijaziona sampuli hizo, wala hakilinganishi chochote nazo. Vingi hupima jinsi kila neno linavyotabirika kutokana na yaliyotangulia, na modeli hata ikiiga bado huegemea neno linalotarajiwa. Ukipenda kuanza na "Sasa basi", nayo itaanza hivyo, kisha "ni muhimu kuzingatia" ifuate kama kawaida yake.

Pima kwanza insha uliyoandika mwenyewe, kwenye kigunduzi hichohicho. Ikipata alama ya juu, basi hata kuigwa barabara hakutaishusha. Hutokea: utafiti wa Stanford wa 2023 ulijaribu vigunduzi 7, na kwa wastani vilizihesabu zaidi ya nusu ya insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasio wazawa wa lugha hiyo, kuwa za mashine, ilhali zimeandikwa na watu. Aya moja fupi usiipime kabisa; ukigusa sentensi moja tu, alama inaruka.