Renda za akili bandia kwenye shindano na zabuni: niandike nini chini ya picha?

Mchoraji_Mbale

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla ya Ijumaa. Ofisi yetu ni ndogo, tuko watu watatu hapa Mbale, na tuna kazi mbili mezani. Moja ni shindano la usanifu wa wodi ya wazazi katika kituo cha afya: mabango mawili ya A1, yanawasilishwa bila majina. Nyingine ni zabuni ya ushauri wa usanifu kwa wilaya, na ndani yake tumeweka wodi hiyohiyo kama mfano wa namna tunavyofanya kazi. Picha ni zilezile tatu, moja nimeiweka hapa chini.

Modeli nimeijenga mwenyewe kwenye SketchUp. Nikatoa picha nyeupe isiyo na rangi, nikaipitisha kwenye Stable Diffusion pamoja na ControlNet ili ishike mistari. `Denoising strength` niliiweka 0.6 kwa sababu chini ya hapo picha ilikuwa imepooza. Ikatoka nzuri, kila aliyeiona ofisini alisimama kuitazama.

Jana usiku nikaanza kuhesabu. Madirisha ya mbele, uso unaotazama kaskazini, kwenye mchoro ni sita, kwenye picha ni manane. Rampu ya kuingilia, ambayo mama aliyejifungua kwa upasuaji atasukumwa juu yake, imegeuka ngazi tatu. Na nyuma ya jengo, mahali pa mwamba wa Wanale, kuna kilima laini cha kijani ambacho hapa Mbale hakipo.

Masharti ya shindano hayasemi lolote kuhusu akili bandia. Mwenzangu anataka tuandike pembeni, kwa herufi ndogo, "Picha zimeboreshwa kidijitali", kisha tusonge mbele. Mimi moyo unakataa. Maneno ya kweli hapa ni yapi?

Kalamu_na_Rula

Kaka, mbona renda zote ni kazi ya mashine? Lumion, Enscape, V-Ray, zote ni kompyuta inakuchorea. Sijaona bango lililoandikwa "tumetumia Lumion". Kama hawakuuliza, usijiletee maswali. Rampu irudishe, hilo ni kosa la kiufundi. Mengine ni mapambo tu.

Mama_Vipimo

Kalamu, nusu ya maneno yako nayakubali. Kompyuta kweli inachora katika njia zote mbili. Lakini V-Ray inakokotoa mwanga juu ya kitu ulichokijenga: kama modeli ina madirisha sita, picha itatoka na sita, na kama umesahau rampu, rampu haitaonekana. Ile nyingine inakisia jengo kama hilo kwa kawaida linafananaje. Haijui kwamba dirisha ni uamuzi wa mtu. Kwa hiyo msomaji wa picha anahitaji kujua jambo moja: ninachokiona hapa, nani ameamua kiwepo? Jina la programu linakuja baadaye.

Mchoraji, ndiyo maana maneno ya mwenzako hayafai. "Zimeboreshwa kidijitali" yanaweza kumaanisha uliongeza mwangaza kidogo. Yanaweza pia kumaanisha nusu ya jengo imebuniwa. Jaji hawezi kuyatumia kwa lolote.

Lakini usianze na maneno, anza na picha. Kwa sasa huwezi kuandika sentensi ya kweli hata ukitaka, kwa sababu wewe mwenyewe hujui mashine imegusa wapi. Fanya hivi. Rudi SketchUp, kwenye `Scene` ileile, toa picha ya mistari mitupu kwa ukubwa uleule. Iweke juu ya renda kwenye Photoshop au GIMP, uififishe hadi nusu. Kisha pita ukuta kwa ukuta: milango, madirisha, nguzo, ukingo wa paa, ngazi, rampu. Kila palipohama, weka alama nyekundu. ControlNet hushika mistari mikubwa vizuri, lakini kwa 0.6 vitu vidogo huponyoka, na rampu ya mteremko mdogo, ikitazamwa kwa mbele, ni mistari michache tu.

Ukimaliza, tengeneza barakoa ya jengo zima. Ndani ya barakoa tumia renda ya kawaida kutoka kwenye modeli. Akili bandia iache nje: miti, watu, anga, nyasi. Hapo sentensi yako itakuwa fupi, na itakuwa ya kweli.

Abiria_wa_Arua

Hili ni suala la hakimiliki, au siyo? Nilisikia picha ya AI haina mwenyewe. Basi mtu yeyote anaweza kuchukua bango lenu akalitumia.

Mama_Vipimo

Abiria, hilo lina uzi wake, na ni refu. Hapa tunazungumzia mteja na jaji wanaambiwa nini.

Fundi_Jinja

Mimi ni mkandarasi, si msanifu, ila naomba niseme yaliyonipata. Tulipewa kujenga jengo la ghorofa moja. Kwenye BOQ, madirisha ya upande wa magharibi yalikuwa ya kawaida, vioo na fremu za chuma. Mwenye jengo alikuwa na picha ya mshauri wake, ameichapisha kubwa na kuibandika kwenye uzio wa saiti. Katika picha ile upande wote wa magharibi ulikuwa na luva za mbao kutoka juu hadi chini.

Tulipofika kwenye plasta akauliza, "Luva zangu ziko wapi?" Nikamwonyesha michoro, hazimo. Nikamwonyesha BOQ, hazimo. Akasema mimi nimelipia ile. Tukamwita mshauri saiti. Nakumbuka alisimama mbele ya uzio akiitazama picha yake mwenyewe, na hakuweza kutuambia luva zilitoka wapi. Kazi ilisimama majuma mawili. Mwishowe luva zikawekwa chache, kwa gharama iliyogawanywa, na hakuna aliyefurahi.

Kama chini ya ile picha kungekuwa na mstari mmoja tu wa kusema michoro ndiyo inayofuatwa, ningekuwa na pa kushika.

Kalamu_na_Rula

Fundi, pole. Lakini mstari huo upo siku zote: "Picha ni kwa maelezo tu."

Mama_Vipimo

Upo, na umechoka, hakuna anayeusoma. Tena haumwambii mtu kipi katika picha ni ahadi na kipi siyo.

Kwenye zabuni uzito ni mkubwa zaidi kuliko kwenye shindano. Chini ya sheria yetu ya ununuzi wa umma ya 2003, kupotosha ukweli ili kuathiri ununuzi kunahesabiwa udanganyifu. Sisemi kwamba picha ya akili bandia ni udanganyifu. Nasema ukiweka rampu isiyokuwepo, au ukaficha kwamba haipo, umejisogeza karibu na mstari huo bila sababu. Na baada ya bahasha kufunguliwa, kamati inaweza kukuomba ufafanuzi, lakini huwezi kubadilisha kiini cha ulichowasilisha. Kwa hiyo maelezo yaandikwe sasa, chini ya picha yenyewe. Usiyaweke kwenye ukurasa wa mwisho, kwa sababu watu hunyofoa picha na kuipeleka peke yake kwenye mkutano.

Pia usitegemee faili ijieleze. Stable Diffusion ya `web UI` huandika mipangilio ndani ya PNG, lakini ukiipanga kwenye bango na kutoa PDF, maelezo hayo kwa kawaida hupotea. Kwa shindano, fungua sifa za PDF uangalie kama jina lako halikubaki sehemu ya mwandishi. Kutaja programu hakuvunji masharti ya kutotaja majina. Jina lako likibaki mle, linavunja.

Kivuli_cha_Ikweta

Nimeiangalia picha uliyoweka. Jua! Uso wa wodi umesema unatazama kaskazini. Kwenye picha jua liko chini, linaupiga uso huo moja kwa moja, vivuli virefu vinaelekea ndani ya baraza. Mbale iko takriban nyuzi 1 kaskazini ya ikweta. Saa sita mchana jua letu halishuki chini ya nyuzi 65 hivi mwaka mzima, na linapokuwa chini, asubuhi au jioni, liko upande wa mashariki au magharibi. Jua la chini kutoka kaskazini halipo Uganda. Mashine imejifunza kwa picha za nchi za mbali.

Jaji makini ataona baraza lako halikingi jua, kumbe linakinga vizuri. Picha inakuharibia muundo wako mwenyewe. Mwanga pia uutoe kwenye modeli, weka mahali na saa.

Mchoraji_Mbale

Asanteni sana. Nimekesha nayo. Kuweka mistari juu ya renda kumenionyesha vitu kumi na kimoja, hata nguzo moja ya baraza ilikuwa imetoweka. Nimefanya barakoa, jengo na vivuli sasa vinatoka kwenye modeli, saa nne asubuhi, Machi. Wanale nimeipiga picha mwenyewe kutoka saiti nikaiweka nyuma. Nimeandika hivi, nitaigeuza kwa Kiingereza:

"Picha ya 2. Jengo, rampu na vivuli vimetolewa kwenye modeli yetu (mchoro A-201). Mlima ni picha halisi iliyopigwa saitini. Watu, miti na anga vimetengenezwa kwa akili bandia (Stable Diffusion). Miti si sehemu ya pendekezo. Picha ikitofautiana na michoro, michoro ndiyo inayofuatwa."

Mama_Vipimo

Nzuri. Rekebisha kimoja. Kwenye mpango wa saiti umeonyesha miembe miwili upande wa magharibi, kwa hiyo miti hiyo ni sehemu ya pendekezo. Andika "isipokuwa miembe miwili iliyoonyeshwa kwenye mpango wa saiti". Na kwenye zabuni ongeza kwamba wodi hii ni pendekezo, haijajengwa. Picha safi kiasi hicho, mtu akiikuta karibu na orodha ya kazi zenu zilizopita ataidhania ni jengo lililosimama.

Dada_wa_Portal

Hapohapo kwenye kazi zilizopita ndipo nina swali. Tuna picha halisi ya shule tuliyoimaliza, lakini mbele kuna nguzo ya umeme na lundo la mchanga. Kijana wetu aliviondoa kwa `Generative Fill`. Jengo halikuguswa. Hilo nalo litajwe?

Mama_Vipimo

Dada, kwenye uthibitisho wa kazi mimi ningeweka picha ya awali, na mchanga wake. Picha ile ni ushahidi.

Kalamu_na_Rula

Hapo mnazidi. Wapiga picha wamefuta nguzo za umeme tangu zamani. Ila ya chini ya renda nimekubali, nitaanza kuandika. Kinachonisumbua ni kwamba Mchoraji ataandika ukweli, jirani yake hataandika, na jaji asiyejua atampunguzia alama aliyesema. Hilo nani analijibu?

Mchoraji_Mbale

Mimi sina jibu, kaka. Nimewaandikia waandaaji, kupitia dirisha la maswali la washiriki wote, nikiuliza kama maelezo ya namna picha zilivyotengenezwa yatahesabiwa katika alama. Jibu likija nitaliweka hapa.