Wakuu, hesabu ya mapezi ya kupoozea inatoa nyuzi 37, kipimajoto kinasoma 76. Nimekosea wapi?

Msaka_Joto: Nina bamba la alumini la mm 100 kwa 100, lina mapezi 10 yenye unene wa mm 2 na kimo cha mm 30. Feni inapuliza; h, yaani kipimo cha jinsi hewa inavyobeba joto kutoka kwenye uso, nimechukua 50. Ufanisi wa pezi moja ni 0.927. Eneo la mapezi yote, pamoja na ncha, ni m² 0.062; bamba lililobaki wazi ni 0.008. Ufanisi wa jumla wa uso:

```
1 - (0.062/0.070)*(1 - 0.927) = 0.935
```

Kwa hita ya wati 120, bamba lilipaswa kuizidi hewa kwa nyuzi 37. Linaizidi kwa 76! Nataka kuweka mapezi marefu zaidi.

Mzee_Amplifaya: Ya amplifaya yangu niliyapaka rangi nyeusi, yakapoa. Paka rangi, kijana.

Binti_Hewa: Mzee wangu, penye feni rangi haileti tofauti kubwa. Hesabu iko sawa, hata mizizi ya mapezi ameitoa kwenye eneo la bamba. Kosa ni h. Kwa nyuzi 76, h halisi ni kama 23.

Karakana7: Mapezi yameshikanaje na bamba?

Msaka_Joto: Vizuri tu, hayatikisiki.

Karakana7: Kwa kitu gani?

Msaka_Joto: Gundi ya epoksi, tabaka la mm 0.3 tu. Kuchonga mifereji ni kazi kubwa, na mapezi mengine 10 nimeshayakata.

Shaka_Tupu: Hili ni swali la darasani limevishwa hadithi. Hayo mapezi hayapo.

Msaka_Joto: Yapo, kaka. Nimepima sasa hivi: mzizi wa pezi la kati unaizidi hewa kwa 31, bamba 76.

Karakana7: Basi si h. Ingekuwa h, mzizi na bamba vingekaribiana. Nyuzi 45 zinaishia kwenye gundi. Kila pezi limeshika mm² 200 tu, kwa hiyo epoksi ya kawaida inaweka ukinzani wa karibu 5 K/W. Kutoka pezi hadi hewani ni 3.5. Gawa 76 kwa 8.5, unapata wati 9 kwa pezi, 90 kwa yote. Bamba wazi linatoa 30. Hizo ndizo 120 zako. Ukiiingiza gundi, ile 0.935 inashuka hadi 0.45. Pezi refu linapunguza 3.5, ile 5 haiguswi.

Msaka_Joto: Na nikigundisha yale 10 mengine?

Karakana7: Nafasi kati yake itabaki kama mm 3, na sidhani feni itaisukuma hewa humo vilevile. Chonga mfereji wa kina cha mm 3. Gundi itashika mm² 800, ile 5 ishuke hadi karibu 1.25.

Msaka_Joto: Bamba lina mm 4 tu, naogopa kulitoboa. Nitachonga mmoja kwanza, nipime mzizi.

Binti_Hewa: Pima na kasi ya hewa. Hiyo 50 bado ni ya kukisia.